Tupeane uzoefu: swali la sera au la ukosefu wa ajira lililowahi kukuangusha

Mtahiniwa Mkongwe
Wakuu, habari za jioni. Narudia mtihani wa uchumi wa awali. Mara ya kwanza sikuangushwa na hesabu, niliangushwa na yale maswali ya hadithi: unapewa aya ya mistari minne, halafu unaulizwa hapo imetumika sera gani, au mhusika yuko kwenye aina ipi ya ukosefu wa ajira. Maana za aina zote ninazo kichwani. Nikisoma hadithi, zote naziona sura moja.

Lililoniuma zaidi ni hili: "Wizara ya Fedha imepunguza kodi ya mapato ili watu wabaki na cha kutumia. Taja sera." Nikaandika sera ya fedha. Si Wizara ya Fedha jamani? Nikala sifuri. Leteni na zenu.

Chaki Nyeupe
Pole, ila umenichekesha. Kosa hilo nimelisahihisha miaka na miaka, na sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Neno "fedha" linabeba mizigo miwili. Kwenye jina la wizara, fedha ni mapato na matumizi ya serikali. Kwenye "sera ya fedha", ni kiasi cha pesa kilichoko kwenye mzunguko na gharama ya kukikopa, na hiyo ni kazi ya Benki Kuu. Waziri akigusa kodi, au bunge likipitisha matumizi, hiyo ni sera ya bajeti, ambayo wengine huiita ya kifiskali.

Kwa hiyo ukiingia kwenye hadithi usilikimbilie neno fedha. Tafuta nani ameshika mpini.

Njia Fupi
Mimi sijawahi kuhangaika hivyo. Nikiona "riba" naandika sera ya fedha, nikiona "kodi" au "matumizi" naandika ya bajeti. Nimalize niondoke zangu.

Chaki Nyeupe
Itakubeba mara nyingi, kisha itakutupa. Jaribu hii: "Serikali imeongeza matumizi ya barabara bila kupandisha kodi, ikakopa sokoni. Riba zikapanda, na wawekezaji binafsi wakaahirisha miradi yao." Neno riba limo, lakini Benki Kuu haijafanya lolote. Serikali imeingia kwenye soko la mikopo ikashindana na wakopaji wengine, bei ya mkopo ikapanda. Riba hapo ni matokeo. Kitendo ni matumizi, na aliyetenda ni serikali, basi hiyo ni sera ya bajeti.

Njia Fupi
Aisee. Hiyo ningekosa.

Mtahiniwa Mkongwe
Mwalimu, na hatifungani je? Kila zikitajwa natupa shilingi juu. Swali moja "zimeuzwa hatifungani" jibu ni bajeti, jingine "zimeuzwa hatifungani" jibu ni fedha.

Chaki Nyeupe
Hapo ndipo watunzi wa mitihani wanapopenda kujificha. Nenda nayo polepole.

Serikali ina nakisi, inauza hatifungani za bilioni 10 kwa watu na taasisi, kisha inazitumia bilioni hizo kujenga na kulipa mishahara. Pesa zimetoka mifukoni mwa wakopeshaji, zimepita serikalini, zimerudi mitaani. Kiasi cha pesa kwenye mzunguko kimebaki palepale, zimebadili mikono tu. Huo ni ugharamiaji wa bajeti.

Sasa Benki Kuu inachukua hatifungani zilezile, zilizokwisha kutolewa zamani, na kuziuzia benki za biashara za bilioni 10. Benki zinalipa kutoka kwenye akiba zao. Pesa hizo zinaingia Benki Kuu na hazitoki tena, hakuna anayejenga nazo barabara. Benki zinabaki na kidogo cha kukopesha, riba inapanda. Hiyo ni sera ya fedha ya kubana. Benki Kuu ikinunua badala ya kuuza, mambo yanageuka: akiba za benki zinanenepa, mikopo inakuwa rahisi.

Ukichanganyikiwa jiulize: pesa zikishalipwa, zinarudi mitaani au zinaishia Benki Kuu?

Sauti ya Wengi
Mimi naona serikali ichapishe pesa iajiri vijana wote, tatizo liishe. Kwa nini mnazunguka?

Njia Fupi
Mkuu, swali halijauliza dawa. Limeuliza ni ipi.

Mwenye Daftari
Naomba niingie na langu, maana liko hapohapo. Nilikuwa karani wa hesabu, kazi yangu ni kuingiza ankara daftarini na kulinganisha na taarifa ya benki mwisho wa mwezi. Mdororo ulipokuja wateja walipungua, tukapunguzwa watu sita. Tukaambiwa mambo yakikaa sawa tutaitwa. Baada ya mwaka na nusu wateja walirudi, hata wakazidi wa mwanzo. Aliyeitwa ni mmoja. Kazi ya watano waliobaki sasa inafanywa na programu ya kompyuta, na huyo mmoja anakagua tu.

Ukosefu wangu wa ajira ni wa mzunguko au wa kimuundo? Darasa la jioni niliandika wa mzunguko, kwa sababu nilitolewa wakati wa mdororo. Nikakosa. Mpaka leo naona nilionewa.

Njia Fupi
Mdororo ukitajwa ni mzunguko. Ulionewa kabisa.

Chaki Nyeupe
Dada Mwenye Daftari (au kaka, samahani), swali lako ni bora kuliko mengi ya mitihani. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: mahitaji yakirudi kama zamani, kazi ile inarudi? Ikirudi, mtu alikuwa wa mzunguko. Isiporudi kwa sababu ujuzi wake hauhitajiki tena au kazi zimehamia mbali, ni wa kimuundo. Mazingira ya siku uliyotolewa yanadanganya, maana waajiri wengi husubiri mdororo ndipo wafanye mabadiliko waliyokuwa wanayawaza siku nyingi.

Kwa hiyo msahihishaji wako alikuwa sawa kwa hadithi nzima. Kama hadithi ingeishia kwenye "wateja walipungua, tukapunguzwa watu sita", jibu lako lingekuwa sahihi.

Mwenye Daftari
Ni dada. Basi ile miezi ya mwanzo nilikuwa wa mzunguko, baadaye nikageuka wa kimuundo bila kuhama kiti? Sikubali sana, lakini naelewa.

Fundi Hesabu
Hata wachumi hawakubaliani sana hapo, usijisikie vibaya. Mtu akikaa nje muda mrefu ujuzi wake unachakaa, na upungufu wa mahitaji wa leo unazaa wa kimuundo wa kesho. Ni wangapi huvuka mpaka huo, na kwa kasi gani, ubishi bado uko mezani.

Langu mimi ni la namba. Swali lilisema: nguvukazi ni milioni 20, wasio na kazi ni milioni 1.8. Kati yao 600,000 wameacha kazi kwa hiari au wamemaliza masomo na wanatafuta, 400,000 ujuzi wao haulingani na kazi zilizopo, waliobaki wamepunguzwa kwa sababu mauzo yameshuka kila sekta. Benki Kuu inapunguza riba mpaka pengo lote la mahitaji linazibika. Ukosefu wa ajira utabaki asilimia ngapi?

Mtahiniwa Mkongwe
Sifuri? Si pengo limezibika?

Fundi Hesabu
Ndivyo nilivyoandika na mimi, ndiyo maana nipo kwenye uzi huu. Milioni 1.8 kwa 20 ni asilimia 9. Ukitoa laki sita za mpito na laki nne za kimuundo, wa mzunguko ni 800,000, sawa na asilimia 4. Riba ya chini inawagusa hao tu. Inabaki asilimia 5. Mhitimu anayechagua kati ya barua mbili za ajira hachelewi kwa sababu mikopo ni ghali, na aliyepitwa na mashine hasaidiwi na benki kukopesha zaidi. Huyo wa pili ukisoma kwenye hadithi kwamba serikali inalipia mafunzo mapya, hapo dawa imelenga ugonjwa.

Ukilazimisha kuwafuta na hao milioni moja kwa kuendelea kupunguza riba, unachochea mfumuko wa bei.

Kimya Kingi
Na mimi niliyeacha kutafuta tangu mwaka jana, niko wapi kwenye hiyo milioni 1.8?

Fundi Hesabu
Haupo. Si wewe tu, hata kwenye ile milioni 20 haupo. Kwa hesabu za kitakwimu lazima uwe huna kazi, uko tayari kufanya kazi, na unatafuta. Ndiyo maana uchumi unapoanza kupona asilimia inaweza kupanda kidogo: waliokata tamaa wanarudi kutafuta, wanahesabiwa upya.

Kimya Kingi
Sawa. Siyo jibu nililolitaka, lakini sawa.

Njia Fupi
Mwalimu, inawezekana sera mbili zivutane ndani ya swali moja? Nilikutana na "bajeti inapanua, fedha inabana" nikadhani wamekosea kuchapa.

Chaki Nyeupe
Hawakukosea. Chukua Marekani ya 1981. Paul Volcker, aliyeshika Benki Kuu ya huko kuanzia 1979, alikuwa amebana pesa ili kuua mfumuko wa bei uliofika wastani wa asilimia 13.5 mwaka 1980. Riba ya benki kukopeshana ilipita asilimia 19 katikati ya 1981. Agosti mwaka huohuo Rais Reagan akasaini sheria ya kupunguza kodi. Mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta. Breki ilishinda kwanza: mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8. Mfumuko ukashuka mpaka asilimia 3.2 mwaka 1983.

Sasa rudi kwa Dada Mwenye Daftari. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma waliotolewa miaka ile walihesabiwa kuwa majeruhi wa riba kubwa, yaani wa mzunguko. Uchumi ulipopona, wengi wao hawakuitwa tena.

Mwenye Daftari
Kumbe nina wenzangu.

Mtahiniwa Mkongwe
Nimerudia karatasi yangu ya zamani leo kwa kuuliza mpini na kuuliza kama kazi inarudi. Kati ya kumi nimepata nane. La tisa nililikosa kwa uzembe. La kumi linasema: "Benki Kuu inanunua hatifungani mpya moja kwa moja kutoka serikalini, na serikali inatumia pesa hizo kulipa mishahara." Mpini uko kwa nani hapo?

Chaki Nyeupe
Mikono miwili imeshika mpini mmoja. Matumizi ni ya bajeti, pesa mpya ni za Benki Kuu. Ni kile kile alichokitaka Sauti ya Wengi kule juu, na nchi nyingi zimeweka sheria za kukizuia au kukiwekea kikomo. Wamekupa chaguo ngapi?

Mtahiniwa Mkongwe
Mbili tu. Bajeti au fedha.

Chaki Nyeupe
Basi mtunzi ndiye aliyekosea. Mimi ningeandika fedha, kwa sababu swali limeanza na Benki Kuu kununua, ila nisingegombana na mwanafunzi aliyeandika bajeti.

Njia Fupi
Ningegombana mimi.