Natoka jimu saa tatu usiku: sato, chipsi mayai au mtindi?

Mtoto wa Igoma: Wakuu, habari za jioni. Nafunga duka mjini saa moja usiku, napiga chuma hadi saa tatu, saa tatu na nusu niko nyumbani, saa tano nalala. Nimejaribu vyakula vitatu, kila kimoja wiki nzima. Ugali na sato wa kukaanga unanishibisha, ila nikijilaza maji makali yanapanda kooni. Chipsi mayai ni vibaya zaidi. Mtindi nusu lita na mayai matatu ya kuchemsha havina shida, lakini saa tisa njaa inaniamsha. Nishike kipi?

Chuma Mabatini: Acha ugali, mkuu. Wanga wa usiku wote unageuka mafuta. Chipsi ndiyo usiguse kabisa.

Kocha Nyegezi: Kwenye chipsi tuko pamoja, kwenye ugali hapana. Misuli iliyotoka kunyanyua vyuma imetumia akiba yake na inataka wanga. Kinachonenepesha ni jumla ya chakula cha siku nzima, si saa.

Tatizo lako ni mafuta na wingi. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni, nawe unajilaza tumbo likiwa limejaa. Sato wa nusu kilo, ukitoa kichwa, utumbo na mifupa, unabaki na nyama kama gramu 180, protini gramu 35 hivi. Mtindi na mayai yako vinakupa karibu hiyohiyo. Kwa hiyo kwa misuli vinalingana. Tofauti ni kikaango.

Mimi ningehamisha ugali. Kula dukani saa kumi na moja jioni, na maharage au dagaa. Usiku pika mchemsho wa sato: kitunguu, karoti, chumvi, viazi vitamu viwili sufuria hiyohiyo. Viazi vikikaribia kuiva ndipo utie samaki, dakika kumi zinatosha. Limao, nyanya nyingi na pilipili viache mchana, vinachokoza kiungulia.

Mama wa Mwaloni: Mwanangu, ukitaka kunenepa kunywa uji wa ulezi wenye karanga kabla ya kulala. Wanangu wote nimewakuza hivyo.

Mtoto wa Igoma: Shikamoo mama. Sitafuti kunenepa, nataka nile nilale bila kuungua kifua.

Mama wa Mwaloni: Marahaba. Basi karanga ziache, zina mafuta.

Mtoto wa Igoma: Narudi baada ya siku tano. Ugali wa saa kumi na moja, mchemsho usiku: kifua kimetulia usiku nne. Siku ya tano wateja walinibana, sikula jioni, nikaufidia ugali wote saa nne. Kiliwaka palepale. Njaa ya saa tisa imepungua, haijaisha.

Kocha Nyegezi: Ongeza kiazi kimoja tuone. Na kifua kikiendelea kuwaka hata siku unazokula mapema na kidogo, nenda ukapimwe.

Chuma Mabatini: Mimi bado usiku sili wanga, na tumbo langu liko bapa.