Mrejesho: oda za kulipia mkononi

Niliuliza hivi: "Nauza mikoba mtandaoni hapa Nairobi, mteja analipa akipokea. Wiki hii oda 40, 11 zimerudi. Nifanyeje?"

Asanteni, wadau. Kwanza nilikaa na daftari. Faida yangu kwa mkoba ni shilingi 600. Mteja akikosekana Rongai, namlipa bodaboda 350 za kwenda na 200 za kurudisha, jumla 550. Yaani oda moja feki inameza karibu faida ya mkoba mzima! Mikoba 29 iliyouzwa ilileta 17,400, zilizorudi zikala 6,050, nikabaki na 11,350.

Kupiga simu nilikuwa napiga, ila nikiuliza vibaya. "Uko tayari?" kila mtu hujibu ndiyo. Sasa nauliza, "Bodaboda akifika stegi, utamwelekeza jengo gani?" Mnunuzi wa kweli anataja geti, duka, hata rangi ya ukuta. Mtani anasema "nitakupigia". Asubuhi ya kutuma napiga tena. Simu ikiwa imezimwa, mzigo hautoki. Anayesitasita namwomba atangulize nauli 350 kwa M-Pesa. Wengine hukasirika kwamba nawashuku, na siwalaumu, matapeli ni wengi pande zote mbili.

Wiki iliyopita ziliingia oda 38, nikatuma 29, zikarudi 2. Nimeuza mikoba 27, pungufu kuliko awali, lakini nimebaki na 15,100.

Hizo 2? Mmoja alidai bosi amemwita kikao. Mwingine aliutazama mkoba, akasema kwa picha ulionekana mkubwa. Hilo ni kosa langu. Sasa naandika vipimo.