Mama anajikuna usiku kucha, dayalisisi tungoje harusi ipite?

KarafuuMbichi: Asalam aleikum jamani. Mama ana miaka 61, figo zimechoka, kipimo cha mwisho eGFR 8, anajikuna mpaka shuka lina damu na asubuhi akipiga mswaki anataka kutapika. Daktari wa Unguja kasema dayalisisi iko karibu ila hakutupa siku. Sie tuko Wete, harusi ya mdogo wangu bado wiki tatu, tukingoja ipite kuna ubaya?

BabuMchezaBao: Pole mwanangu. Mjomba wangu alijikuna hivyo hivyo tukampaka mafuta ya nazi akalala. Mashine usikimbilie, figo zikishaizoea hutoki.

SistaZamu: Babu mafuta sawa, ngozi yao hukauka, lakini figo hazizoei mashine, hutoki kwa vile zishakufa. Karafuu, hiyo 8 peke yake si amri. Utafiti wa Australia na Nyuzilandi uliotoka 2010 uliona walioanza mapema na waliongojeshwa hawakupishana kwa vifo, ila karibu robo tatu ya waliongojeshwa walianza kabla namba haijashuka walikopangiwa, wengi kwa sababu ya dalili. Kujikuna kunangoja, kuna dawa zake. Kichefuchefu akiwa hali tena na nyama inamtoka, wakati umefika. Akili je?

KarafuuMbichi: Akili iko sawa, uzee tu kidogo.

SistaZamu: Uzee wa 61? Sema bibie.

KarafuuMbichi: Jana kasali Adhuhuri mara tatu, kila akitoa salamu anauliza washaadhini? Lakini usiku halali, tunampa piritoni, labda ndio hiyo. Insulini tunampa ile ile ya zamani japo hali vizuri. Na ndugu wa Muskat washakata tiketi, nifanyeje mie.

SistaZamu: Mpime sukari SASA. Figo zikifa insulini hukawia mwilini, sukari ikishuka atachanganyikiwa vile vile. Piritoni acha. Kisha anyooshe mikono mbele, viganja avikunje juu kama anaesimamisha gari, uangalie kama vinadondoka na kurudi.

MkoaniBoi: Uzi wa kutunga huu. Mwezi uliopita mama yako alikuwa Dar anauza vitenge.

KarafuuMbichi: Yule mama mdogo alonilea! Fitna za nini?

BabuMchezaBao: Ya kweli ama ya uongo, pilau ni lini?

KarafuuMbichi: Sukari 6.8. Mikono yote miwili inadondoka inarudi.

SistaZamu: Basi sukari haimo. Nahofia sumu ya figo ishapanda kichwani, ila homa ama maambukizi yanaweza kuwemo, kwa hapa sijui. Mpeleke hospitali ya hapo hapo usiku huu, wapime potasiamu, wao ndio wampigie daktari wa Unguja. Maumivu ya kifua akilala chali, ama pumzi kubana, waambie mlangoni.

KarafuuMbichi: Kaka mkubwa anasema tungoje boti ya asubuhi.

MkoaniBoi: Mie bado sikuamini, ila kama kweli, mwambie kaka yako boti haina daktari.

KarafuuMbichi: Gari ishakuja. Anatafuta viatu na kavivaa.