Mrejesho: Neno «Limited» kwenye kibao, ankara na mkataba

Niliuliza: «Tumesajili kampuni ya boti za watalii hapa Malindi. Lazima "Limited" ionekane kila mahali, au jina la mtaani linatosha?»

Wadau, ahsanteni. Mwanasheria alinifungulia Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015: jina la kampuni binafsi yenye dhima iliyowekewa kikomo kwa hisa huishia kwa «Limited» au kifupi chake «Ltd».

Kibao hakikunisumbua. Tuseme cheti kinasema Kasa Limited, na ufukweni tunajulikana kama Kasa Boti. Fundi ameacha Kasa Boti kwa herufi kubwa, chini yake ameandika Kasa Limited kwa herufi ndogo zinazosomeka. Kwenye ankara tumefanya vivyo hivyo, jina kamili juu pamoja na PIN ya kampuni, maana wahasibu wa hoteli hulinganisha hayo mawili kabla ya kulipa.

Mkataba ndio wenye mambo. Rasimu ya hoteli iliandika «Kasa Boti», na mahali pa sahihi palikuwa na jina langu tupu. Hapo deni likizuka, mdai anaweza kunishika mimi mwenyewe, kwa kuwa hakuna kinachoonyesha kwamba aliyeingia mkataba ni kampuni. Tumebadilisha: «Kasa Limited, inayofanya biashara kwa jina la Kasa Boti», na chini «kwa niaba ya Kasa Limited», kisha sahihi, jina, na cheo: Mkurugenzi. Meneja wa hoteli alinung'unika kidogo kuchapisha upya, lakini akasaini.