Ardhi mbili mkononi na mimi ndiye naanza: nibaki nao au nirudishe?

Radi77: Wakuu, Magic: The Gathering, deki ya kadi 60, ardhi 24. Kadi saba za mwanzo zimenipa ardhi mbili, kadi moja ya gharama mbili na nne za gharama tatu. Naanza mimi, kwa hiyo zamu ya kwanza silambi kadi. Nibaki na mkono huu? Na nikishusha ardhi hadi 22 ili niongeze viumbe, naumia kiasi gani?

Tumbili: Baki nao. 24 kwa 60 ni asilimia 40. Hadi zamu ya tatu utakuwa umelamba mara mbili, 40 na 40 ni 80.

Bi Zuhura: Mara mbili ni sawa, Tumbili, ila asilimia hazijumlishwi hivyo, akilamba mara tatu utampa 120. Tafuta nafasi ya kukosa. Ardhi mbili zimeshatoka, zimebaki kadi 53, na 31 si ardhi. Kukosa mara ya kwanza ni 31/53, kukosa tena ni 30/52, kwa sababu kadi iliyotoka hairudi. Zidisha, utapata asilimia 34. Kwa hiyo kuiona ardhi ya tatu ni 66. Kwenye Excel:

```
=1-HYPGEOM.DIST(0,2,22,53,FALSE)
```

Ungekuwa wa pili kucheza, unalamba mara tatu na inapanda hadi 81. Kwa deki ya ardhi 22 ni 62 na 77. Ukiangalia hapo tu, utadhani kupunguza ardhi mbili ni kitu kidogo. Maumivu yako kwenye mkono wenyewe: kupata ardhi moja au kukosa kabisa katika kadi saba kunatoka asilimia 14 hadi 19. Mimi ningebaki na 24.

Kisima: Mbona mimi kwenye Arena napata ardhi tatu karibu kila mara? Hizi hesabu hazifanyi kazi huko.

Bi Zuhura: Kisima, kwenye mechi za mchezo mmoja Arena inaangalia mikono kadhaa ya mwanzo na kupendelea ule unaokaribia uwiano wa deki yako. Kadi unazolamba baadaye zinafuata hesabu ya kawaida.

Radi77: Sasa nirudishe, dada?

Bi Zuhura: Ningerudisha. Kwa kanuni ya tangu 2019 unapata kadi saba mpya, kisha moja inakwenda chini ya deki. Nafasi ya saba hizo kuwa na ardhi mbili hadi tano ni asilimia 84. Kadi zako nne zingekuwa za gharama moja ningebaki, lakini hizi za gharama tatu zitakufungia mara moja katika kila tatu.

Mzee Karata: Hapo sikubaliani, Bi Zuhura. Ardhi ikichelewa hadi zamu ya nne bado ana mchezo, na hadi hapo nafasi ni 81. Kuanza na kadi sita ni hasara ya hakika.

Bi Zuhura: Inategemea anacheza na nani, Mzee. Mbele ya deki ya haraka, hiyo zamu moja ndiyo mechi yenyewe.

Radi77: Mpinzani wangu ana viumbe vya gharama moja vitupu.