Mrejesho: jarida la wavuvi Malindi

Niliuliza: "Jarida letu la imeli watu wanalifungua ila hawafiki kwenye ujumbe, nikague vipi?"

Haya jamani, ile apu ya kupima ugumu wa maandishi nimeachana nayo, inahesabu silabi kwa kanuni ya Kiingereza, sasa "tutawatangazia" lina silabi saba basi inadai ni gumu wakati hata mtoto anaelewa. Nikampa binamu asome kwa sauti, akakwama kwenye "usimamizi shirikishi", nikaweka "kusimamia pamoja". Tarehe ya mkutano ilijificha aya ya nne (aibu!), nikaipandisha sentensi ya kwanza, maneno 600 yakabaki 220. Safari hii hakuna aliyenipigia kuuliza mkutano lini, ila mzee mmoja kalalamika nimekata bei za samaki, nitazirudisha kule chini.