Nanotyubu (9,0), (10,0) na (5,5): ipi iwe chaneli ya transista, ipi iwe waya?

Zuhura_K: Wakuu habari za jioni. Nafanya simulesheni ya transista ndogo, nina tyubu tatu za kaboni, (9,0), (10,0) na (5,5), yaani namba n na m zinazosema karatasi ya kaboni imekunjwaje. Kwa d = 0.0783 × √(n² + nm + m²) napata vipenyo 0.70, 0.78 na 0.68 nanomita, yaani zinakaribiana sana. Nataka moja iwe chaneli inayozimika na nyingine iwe waya. Kinachonichanganya, kaboni ileile, unene karibu uleule, inakuwaje moja ipitishe umeme kama metali na mwenzie awe semikondakta?

bwana_mche: Rahisi dada, n toa m, ikigawanyika kwa 3 ni metali, isipogawanyika semikondakta. (9,0) inatoa 9, (5,5) inatoa sifuri, zote metali. (10,0) inatoa 10, semikondakta. Chaneli weka (10,0), waya weka yoyote kati ya hizo mbili, hazina tofauti. Kwisha habari.

Kitasa: Mbona zote zinapitisha bana. Mie nilichanganya unga wa nanotyubu kwenye gundi ya epoksi, ilipokauka nikaweka mita ikasoma fresh tu. Hiyo semikondakta mnaitoa wapi?

Pembesita: Kitasa, unga wa kuchanganya kwenye gundi mara nyingi ni wa tyubu zenye kuta nyingi, moja ndani ya nyingine, na kila ukuta umekunjwa kivyake. Hata ungekuwa wa ukuta mmoja mmoja, zikitoka kiholela kama theluthi huwa metali, mita inasoma kupitia hizo. Zuhura anaulizia tyubu moja peke yake.

Zuhura, chapa karatasi ya pembesita zilizoshikana, uzipake rangi tatu, nyekundu, kijani na njano, majirani wanaogusana wasiwe na rangi moja. Anzia kwenye nyekundu, nenda hatua n kwa mstari mmoja, geuka digrii 60, nenda hatua m. Pembesita uliyofikia ndiyo italala juu ya ile ya kuanzia ukikunja. Utaona kila hatua ya n inasogeza rangi moja mbele na kila hatua ya m inarudisha moja nyuma, ndo maana tunatoa. Sasa elektroni zinazobeba umeme kwenye grafini, yaani karatasi ya kaboni kabla ya kukunjwa, wimbi lao linajirudia kwa mpangilio huohuo wa rangi tatu. Nyekundu ikiangukia nyekundu, wimbi linazunguka tyubu na kukutana na mwanzo wake, umeme una njia. Ikiangukia kijani au njano wimbi hilo haliwezi kuishi humo, yanabaki yale ya pembeni yake yenye nishati ya juu au ya chini zaidi, na katikati linabaki pengo la nishati lisilo na elektroni. Kukadiria pengo chukua 0.77 ugawe kwa kipenyo, kwa (10,0) ni karibu 1 eV.

Ila bwana_mche hapo kwenye "hazina tofauti" sikubaliani. Kanuni ya 3 inahesabu kana kwamba karatasi bado iko bapa. Ukishaikunja, vifungo vinavyofuata mzunguko havilingani tena na vinavyofuata urefu. (5,5) ulinganifu wake unailinda, inabaki metali, lakini (9,0) inafunguka kidogo. Kundi la Charles Lieber pale Harvard lilipima kwa hadubini ya STM mwaka 2001, wakapata pengo la 0.08 eV kwa (9,0), 0.042 kwa (12,0) na 0.029 kwa (15,0), yaani tyubu ikinenepa pengo linakufa.

bwana_mche: 0.08 si kitu mkuu, joto la chumba lenyewe ni 0.026 eV, itapitisha tu.

Pembesita: Itapitisha, sijakataa, ila ukiipoza au geti likiwa karibu mkondo utapanda na kushuka. Waya gani huo.

Zuhura_K: Asante, rangi zimenifungua macho. Ila (9,0) kwangu inatoa pengo sifuri kabisa, 0.08 siioni.

Pembesita: Bila shaka umeweka obiti moja kwa kila atomu na nguvu ileile ya elektroni kuruka kwa majirani wote watatu. Hiyo ndo karatasi bapa yenyewe. Mkunjo usipouweka, hautajitokeza.

Nuru_Maabara: Mimi nachezea tyubu zenyewe sio kompyuta, nawaambia (10,0) kuipata peke yake ni shughuli. Kipenyo hakikusaidii, kuna (8,2) ya 0.72 nanomita, iko katikati ya (9,0) na (10,0) na ni metali, sasa kwa hadubini ya kugusa utaitenganishaje? Sisi tunasoma mwanga, tyubu za semikondakta kila aina inang'aa kwa rangi yake. Dada badilisha chaneli iwe (6,5), ya 0.75, hiyo hata kuinunua ikiwa imeshachambuliwa inawezekana, matokeo yako utayalinganisha na kitu halisi.

bwana_mche: 6 toa 5 ni 1, semikondakta, sawa. Lakini umehesabu atomi? (10,0) inajirudia kila baada ya atomi 40, (6,5) mpaka 364. Na yeye kasema anatumia nini kuhesabu?

Zuhura_K: Laptopu 😩 ya ramu 8. Kuna mtu ameshaendesha (6,5) kwenye mashine kama hii ikamaliza?